Simfoni moja, okestra nyingi: nitazitambuaje?

Nina faili mbili za Simfoni ya Tano ya Beethoven kwenye simu. Zote zimeandikwa "Beethoven 5" tu. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima mwendo, lakini usiupime kwenye ile "ta-ta-ta-taa" ya mwanzo. Pale kila kondakta anashikilia noti ndefu apendavyo, kwa hiyo hakuna mapigo ya kuhesabu. Subiri kidogo. Muziki utakimbia, kisha fidla zitabaki peke yake zikishikilia noti moja ndefu. Baada yake okestra nzima itapiga tena "ta-ta-ta-taa" kwa nguvu. Noti hiyo ikikatika, fidla zitaanza tena kwa sauti ya chini: bonyeza saa kwenye noti yao ya kwanza. Acha muziki uende mpaka pembe za shaba ziite peke yake, "ta-ta-ta-taa-taa-taa", na usimamishe saa kwenye noti ya kwanza ya wito huo.

Umepima vipimo 34 vya muziki, na kila kipimo kina pigo moja kubwa. Gawanya 2040 kwa sekunde ulizopata, utajua mapigo kwa dakika. Sekunde 19 ni mapigo 107 hivi, na sekunde 24 ni 85. Beethoven mwenyewe alitangaza mwaka 1817 kwamba anataka 108. John Eliot Gardiner na okestra yake ya ala za kizamani wanakaa jirani na namba hiyo. Otto Klemperer na okestra ya Philharmonia wako mbali chini yake, wakitembea kwa uzito kama watu waliobeba jeneza.

Rudia kupima mara tatu. Kidole kikichelewa nusu sekunde tu, jibu linapotoka kwa mapigo mawili au matatu, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko hiyo usiitegemee.

Sehemu ya mwisho kwenye faili moja ina dakika 11, kwenye nyingine dakika 9. Hiyo ya dakika 11 si ndiyo ya polepole?

Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Beethoven aliandika kwamba kama moja ya tano ya mwanzo ya sehemu hiyo irudiwe. Makondakta wengi wa zamani waliuacha urudiaji huo, na wenyewe unakula kama dakika mbili. Carlos Kleiber, katika rekodi yake ya 1974 na Vienna Philharmonic, anarudia, na sehemu yake inakaribia dakika 11. Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic mwaka 1962 harudii, naye anamaliza kwa dakika 9 hivi. Ukiwasikiliza pale tarumbeta zinapofungua sehemu hiyo, utashangaa jinsi miendo yao isivyopishana sana.

Kwa hiyo sikiliza kama dakika mbili hivi baada ya tarumbeta kuanza. Ukisikia ule mwanzo wa ushangilio umerudi mzima mzima, urudiaji upo. Ukitaka kulinganisha dakika za faili mbili, hakikisha kwanza zote zinarudia au zote hazirudii.

Mimi nimepima, miendo inalingana kabisa. Sasa nitazitofautishaje?

Hapo tafsiri ya kondakta na sauti za ala ndizo zitakazosema. Mimi huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kwanza, pale mada ya mwanzo inaporudi baada ya vurugu za katikati. Okestra inasimama ghafla, na obo, ala ya mbao ya kupuliza, inabaki peke yake ikiimba kamstari kafupi, polepole, kama mtu anayeomboleza barazani watu wote wakiwa wamenyamaza. Weka sikio hapo. Je, noti zake zinatetemeka au zimenyooka? Vienna Philharmonic wanatumia obo ya Kivienna, ambayo umbo lake ni tofauti na ile ya Kifaransa inayotumika karibu kila mahali, na wapigaji wake kwa desturi hawatetemeshi sana noti. Ukishaizoea sauti ile nyembamba, iliyonyooka, hutaisahau.

Songa mbele kidogo mpaka ule wito wa pembe ulioupima mwanzoni urudi. Safari hii Beethoven hakuwapa wapiga pembe. Aliwapa wapiga basuni, ile ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito. Pembe za wakati wake hazikuwa na vali, yaani vitufe vya kubadilishia noti, na zile alizozipanga hapo hazikuweza kupiga vizuri wito huo katika ufunguo mpya. Pembe zilipopata vali, makondakta wengi wa karne ya 20 waliamua kuwarudishia wapiga pembe wito wao. Wengine walibaki na maandishi yalivyo. Kwa hiyo jiulize: wito wa pili unang'aa kama wa kwanza, au una sauti kavu, iliyofifia? Ala za kizamani zitakupa basuni. Binafsi napenda basuni, kwa sababu inasikika kama mtu anayekumbuka jambo akiwa amechoka, ingawa naelewa kwa nini wengine wanaiona dhaifu.

Rafiki yangu anasema Furtwängler ni wa polepole. Mimi nikisikiliza mwisho nasikia kasi ya ajabu. Nani yuko sahihi?

Nyote wawili, na hilo lenyewe ni alama yake. Katika rekodi ya Mei 1947 na Berlin Philharmonic, aliporudi kuongoza okestra hiyo baada ya vita, Wilhelm Furtwängler hana mwendo mmoja. Noti za mwanzo anazishikilia kwa muda mrefu, kisha mwendo unabana na kulegea kufuata hisia, na mwisho kabisa anakimbia mpaka unahisi wapigaji wanakaribia kumwagika. Ukipima kipande kile cha vipimo 34 peke yake utamwita mzito. Pima na ukurasa wa mwisho pia. Kondakta kama Arturo Toscanini, aliyeshika mwendo kwa mkono wa chuma, hatakupa pengo la namna hiyo.

Rekodi mbili zina majina tofauti lakini naona kama ni ileile, moja tu imeharakishwa kidogo. Inawezekana?

Inawezekana, na imewahi kutokea. Mwaka 2007 iligundulika kwamba diski zilizotolewa kwa jina la mpiga piano Mwingereza Joyce Hatto zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwa wapigaji wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa kasi kwa kompyuta.

Usiangalie kasi pekee. Pima vipande vitano mbalimbali katika kila rekodi: noti ndefu ya kwanza, ya pili, vile vipimo 34, mstari wa obo, na ukimya kabla ya kipande fulani. Gawanya muda wa rekodi moja kwa muda wa nyingine kila mara. Ukipata, tuseme, 1.03 mara zote tano, ni rekodi moja iliyovutwa. Binadamu wawili hawawezi kulingana hivyo, hata kondakta yuleyule akirudia usiku wa pili na okestra yake. Ukipata 1.03, kisha 0.91, kisha 1.10, hao ni watu tofauti, hata kama jumla ya dakika zao inalingana.

Na kama imeharakishwa kwa njia ya zamani, yaani kuizungusha sahani haraka, sauti nayo hupanda. Lakini kumbuka kuwa okestra za ala za kizamani huweka noti ya A kwenye mitetemo 430 hivi kwa sekunde, na Vienna kwenye 443. Hiyo peke yake ni karibu nusu ya nusutoni, ile hatua ya kutoka noti moja ya piano hadi jirani yake, kwa hiyo sauti iliyo juu haithibitishi udanganyifu mpaka vile vigawanyo vitano navyo vikubali.