Selekoksibu kwa mama mwenye presha

"Mama yupo Wete, anakunywa diklofenaki kwa goti, tumbo linamchoma. Presha anatumia losatani na dawa ya kukojosha. Nimpe selekoksibu?"

Ndugu yangu, tumbo litapata nafuu, figo hazitapata. Dawa hizi mbili za maumivu huzuia saiklooksijenesi, vimeng'enya viwili vinavyotengeneza kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Aina ya 1 iko tumboni muda wote, inalinda ukuta usiliwe na asidi. Aina ya 2 huzidi penye uvimbe, kama hilo goti, ikaleta maumivu. Diklofenaki hukandamiza zote mbili, selekoksibu hulenga ya pili.

Tatizo, figo nazo huitegemea hiyo ya pili kutanua mishipa inayoziletea damu, hasa mwili ukikaukiwa maji. Mama akifunga Ramadhani wakati wa joto, na losatani na dawa ya kukojosha zimo mwilini, damu ya kuchujwa hupungua mno. Utaona mkojo haba, miguu imevimba hata ukibonyeza kidole shimo linabaki. Moyo nao hauko salama, iwe diklofenaki au selekoksibu.

Mimi ningemuuliza daktari kuhusu diklofenaki ya kupaka gotini. Kidogo tu huingia kwenye damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali siku hiyo hiyo.