Resista za asilimia 1 kwenye kigawanyo cha volti: kosa la jumla ni asilimia ngapi?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nimetengeneza saketi ya kukata mzigo betri ya asidi na risasi ya volti 12 ikishuka hadi 11.8 V. Volti ya betri inapita kwenye kigawanyo cha 51 kΩ juu na 10 kΩ chini, zote za asilimia 1, kisha inaingia kwenye ADC ya maikrokontrola. Rejea ya ADC ni TL431, nami kwenye programu nimeandika 2.5 V. Mwenzangu anasema kosa ni asilimia 1, mwingine anasema ni 2. Mimi nilizidisha resista zote mbili kwa 1.01 na jibu halikubadilika hata kidogo. Lakini bodi mbili nilizojenga zinatofautiana karibu 0.3 V kwenye betri ileile. Nani yuko sahihi, na ninunue resista bora?

Jibu: Habari ni njema. Hakuna aliyepata, ingawa wa asilimia 2 amekaribia zaidi. Na resista huenda siyo mkosaji mkuu hapa, kwa hiyo usinunue kitu bado.

Tuanze na jaribio lako la 1.01. Kigawanyo hakijali ukubwa wa resista, kinajali uwiano wao tu. Ukizipandisha zote mbili kwa kiasi kilekile, uwiano unabaki palepale, na ndiyo maana hesabu yako haikutikisika. Hali mbaya kabisa inatokea resista zinapokwenda pande tofauti: ya juu ikiwa kwenye ncha yake ya chini na ya chini ikiwa kwenye ncha yake ya juu, au kinyume chake. Hizo ndizo ncha mbili za kukokotoa, nyingine hazina haja. Weka namba zako:

```
kawaida:  10.0 / (51.00 + 10.0) = 0.16393
juu:      10.1 / (50.49 + 10.1) = 0.16669   (+1.68%)
chini:     9.9 / (51.51 +  9.9) = 0.16121   (-1.66%)
```

Kosa la uwiano ni takriban ±1.67%. Kwa nini lisiwe 2 kamili? Kwa sababu resista ya chini inaonekana mara mbili kwenye kanuni, juu ya mstari na chini ya mstari. Ikipanda kwa asilimia 1, kiasi kinapanda kwa asilimia 1, lakini jumla iliyo chini ya mstari nayo inapanda kidogo, kwa 0.16%, na kula sehemu ya kosa. Kinachobaki ni 0.84%. Resista ya juu ikishuka kwa asilimia 1, jumla inapungua kwa 0.84% na uwiano unapanda kwa kiasi hichohicho. Jumlisha hizo mbili unapata 1.67.

Kanuni fupi ya kukumbuka ni kwamba kosa la kigawanyo ni 2 × toleransi × (1 − uwiano). Ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kigawanyo kinachokata volti nusu kwa nusu kwa resista za asilimia 1 kina kosa la asilimia 1 tu, kwa hiyo mwenzako wa kwanza angekuwa sahihi kama ungekuwa unagawa kwa mbili. Kadiri unavyogawa kwa namba kubwa zaidi, ndivyo kosa linavyosogea kuelekea asilimia 2 bila kuifikia. Amplifaya isiyogeuza mawimbi inafuata sura hiyohiyo, kwa sababu mrejesho wake ni kigawanyo vilevile. Weka ukuzaji badala ya uwiano, kosa linakuwa 2 × toleransi × (1 − 1/ukuzaji). Ukuzaji wa 11 kwa resista za asilimia 1 unabeba karibu 1.8%.

Sasa tuligeuze hilo kuwa volti za betri, maana asilimia peke yake haikuambii kama saketi inafaa. Programu yako inaamini uwiano ni 0.16393. Kwenye bodi yenye uwiano wa juu, programu itasoma 11.8 V wakati betri kwa kweli iko 11.60 V. Kwenye bodi yenye uwiano wa chini, itakata mzigo betri ikiwa bado na 12.00 V. Betri ya aina hii ikiwa imepumzika husoma karibu 12.7 V ikiwa imejaa, na karibu 11.8 V au 12 V ikiwa imeisha. Upana wa 0.4 V ndani ya safari ya 0.9 V si mdogo.

Hata hivyo, ili bodi mbili zitofautiane kwa 0.3 V kwa sababu ya resista tu, ingebidi moja iangukie karibu na ncha ya juu na nyingine karibu na ncha ya chini. Inawezekana, lakini kwa bodi mbili tu ingekuwa bahati mbaya sana. Hapo ndipo mimi ningegeuka kuitazama TL431.

Volti yake ya kawaida ni 2.495 V, si 2.5. Hilo peke yake ni 0.2% uliyoiingiza mwenyewe kwenye programu. Jambo zito zaidi ni daraja lake. TL431 isiyo na herufi ya daraja baada ya namba huruhusiwa kuwa popote kati ya 2.44 V na 2.55 V. Yenye A ni ya asilimia 1, yenye B ni ya nusu asilimia. Soma maandishi kwenye mgongo wa kipande chako uyalinganishe na karatasi ya data ya mtengenezaji wake. Kosa la rejea halipunguzwi na kitu chochote; linaingia lote kwenye usomaji, na kwa upande wa kinyume: rejea ikiwa chini, usomaji unapanda.

Kwa hiyo ncha mbaya ya mfumo mzima ni uwiano wa juu pamoja na rejea ya chini. Usomaji unazidishwa kwa 1.0168 × 2.5 / 2.44, yaani 1.042, na mzigo unakatwa betri ikiwa 11.33 V. Upande wa pili, uwiano wa chini na rejea ya 2.55 V, mzigo unakatwa kwenye 12.24 V. Upana sasa ni 0.9 V, sawa na safari nzima ya betri. Bodi moja inaweza kuiua betri na nyingine ikakata mzigo betri ikiwa na chaji nzuri, zote mbili zikiwa zimejengwa kwa vipande halali kabisa. Tofauti yako ya 0.3 V, ukiitazama hivyo, haishangazi.

Kuna kasoro nyingine inayojificha kwenye ncha hiyohiyo. Uwiano ukiwa wa juu na rejea ikiwa 2.44 V, ADC inajaa betri ikifika 14.64 V. Chaja ikipanda juu ya hapo, namba itaganda, na mtu atadhani chaja imetulia. Ukitaka kuiona hali hiyo kwenye meza, tumia pawa saplai inayopandishwa taratibu na uangalie ni wapi usomaji unaacha kufuata.

Utasikia pia hoja kwamba hali mbaya kabisa ni woga uliopitiliza, na kwamba makosa yajumlishwe kwa mraba: kipeo cha pili cha kila kosa, jumla, kisha kipeuo. Kwa kigawanyo chako njia hiyo ingetoa karibu 1.2% badala ya 1.67. Mimi huikubali pale ambapo makosa ni mengi, yanajitegemea, na bodi moja kuvuka kidogo haidhuru mtu. Kwa resista mbili na rejea moja sioni faida yake. Una vyanzo vitatu tu vya kosa, na njia hiyo haikuahidi chochote kuhusu bodi mahususi iliyo mkononi mwa mteja.

Joto lina sehemu yake. Resista za kawaida za asilimia 1 mara nyingi huwa na 100 ppm kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Kasha likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60, kila resista inaweza kuhama kwa 0.35%, na zikihama kinyume unaongeza 0.59% kwenye uwiano, yaani karibu 0.07 V kwenye kiwango chako cha kukata. Kwa kawaida resista mbili za aina moja, kutoka mkanda mmoja, huhama upande mmoja na sehemu kubwa ya kosa hili hufutika. Ila karatasi ya data haikuahidi hivyo, kwa hiyo kwenye hesabu ya hali mbaya usiitegemee.

Ufanye nini, basi? Kununua resista za 0.1% na kuiacha rejea isiyo na daraja ni kupoteza fedha. Utabaki na zaidi ya asilimia 2 ya TL431. Ukibadilisha kwa vipande, badilisha rejea kwanza. TL431 ya daraja B pamoja na resista za 0.1%, na 2.495 ikiwa imeandikwa kwenye programu, vinakuleta kwenye ±0.65% hivi, karibu 0.08 V, kabla ya joto.

Njia ninayoipenda kwa bodi chache ni kuziacha resista zako zilivyo na kusawazisha kila bodi. Lisha volti karibu na 11.8, usisawazishe kwenye volti 5, soma namba ya ADC, kisha hifadhi kizidishio kimoja kwenye kumbukumbu ya kudumu ya maikrokontrola. Kizidishio hicho kinafuta kosa la uwiano na la rejea kwa pamoja, kwa sababu yote mawili ni ya kuzidisha. Hakifuti uhamaji wa joto. Na hakiwezi kuwa sahihi kuliko multimita unayosawazisha nayo: mita yenye usahihi wa 0.5% inakurudishia 0.06 V za kosa kwenye 11.8 V, kwa hiyo soma usahihi wa mita kwenye kijitabu chake kabla ya kuiamini.

La mwisho, usishawishike kupandisha resista hadi 510 kΩ na 100 kΩ ili kuokoa mkondo wa betri. Uwiano ni uleule, toleransi ni ileile, lakini mkondo unaovuja kwenye pini ya ADC unapita kwenye resista ya juu na kuonekana kama volti za betri. Kwa pini inayoruhusiwa kuvujisha 1 µA, 51 kΩ inakupa kosa la hadi 0.05 V. Kwa 510 kΩ ni 0.5 V, na kwa kuwa mkondo huo hubadilika na joto, kizidishio chako hakitaufuta.