Faida ya milioni 5.8 na mshahara wa mafundi usiopatikana

Mwisho wa Februari, daftari langu la mauzo lilionyesha kwamba karakana yangu ya ushonaji pale Morogoro imepata faida ya shilingi milioni 5.8 kwa miezi miwili. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo na sijaona kosa. Lakini Ijumaa ile mafundi sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakisubiri ujira, na kwenye simu yangu hapakuwa na hela ya kumlipa hata mmoja. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu mimi nilidhani nimeibiwa. Nilipekua droo, nikamhoji mdogo wangu aliyekuwa anashika hela, nikamwumiza moyo bure. Hakuna aliyeiba.

Tuanze na kazi yenyewe. Nilikuwa nashona ovaroli za wafanyakazi wa kampuni moja ya ujenzi. Ovaroli moja niliiuza 25,000. Kitambaa cha kaki, zipu na uzi vilinigharimu 12,000, na fundi nilimlipa 5,000 kwa kila kipande. Kila ovaroli ilibakiza 8,000. Kodi ya chumba, umeme na usafiri vilikula 700,000 kwa mwezi. Mtaji wangu ulikuwa milioni 9 taslimu, na mteja alilipa siku 60 baada ya kupokea mzigo.

Januari nilishona 400. Mauzo milioni 10, gharama milioni 7.5, faida milioni 2.5. Februari nikashona 500. Mauzo milioni 12.5, gharama milioni 9.2, faida milioni 3.3. Jumla ndiyo ile 5.8.

Sasa fuata hela yenyewe, uiache faida kando. Januari zilitoka milioni 7.5 na hakikuingia kitu, nikabaki na milioni 1.5. Februari nilihitaji milioni 9.2. Kitambaa cha milioni 6 nikakichukua kwa mali kauli Kariakoo, kwa ahadi ya kulipa mwisho wa Machi. Zikabaki milioni 3.2 za mafundi na chumba, nami nina 1.5 tu. Hizo 1.7 zilizopungua ndizo zilizowakalisha mafundi kwenye benchi, mpaka nilipozikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA.

Faida ilikuwa wapi basi? Mteja alikuwa anadaiwa milioni 22.5. Mimi nilikuwa nadaiwa 7.7. Ukitoa unapata milioni 14.8, yaani mtaji wangu wa 9 pamoja na faida ya 5.8. Haikupotea shilingi. Yote ilikuwa ovaroli zilizokwisha kuvaliwa na watu kwenye eneo la ujenzi. Daftari la faida linaandika mauzo siku mzigo unapokabidhiwa, lakini fundi hali mauzo, anakula hela.

Machi mteja akaleta oda ya ovaroli 600. Nilifurahi, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Oda kubwa kwa mteja wa kukopesha inameza hela nyingi zaidi kabla haijarudisha hata senti. Muuza kitambaa aliniambia kwa upole, "Dada, nimalizie kwanza ile ya mwezi uliopita, ndipo tuongee." Sikuweza kuanza. Oda ikaenda kwa karakana nyingine.

Hesabu ninayotamani ningeifanya Desemba ni hii, na kila anayetaka kuuza kwa mkopo aifanye kabla ya kusaini chochote. Nashona Januari, nakabidhi mwisho wa mwezi, nalipwa mwisho wa Machi. Maana yake nitagharamia Januari, Februari na Machi kabla ya kuona hela ya kwanza. Mtaji wa milioni 9 ukiugawa kwa miezi mitatu ni milioni 3 kwa mwezi. Toa 700,000 ya chumba na umeme, zinabaki 2,300,000. Gawanya kwa 17,000 za kitambaa na fundi wa kila ovaroli, unapata ovaroli 135. Mtaji wangu ulikuwa wa ovaroli 135 kwa mwezi, nami nilianza na 400. Kwa ovaroli 135 faida ni kama 380,000 tu. Ni ndogo, lakini ndiyo niliyokuwa na uwezo wa kuisubiri.

Badilisha jambo moja tu: mteja alipe kwa siku 30. Sasa unagharamia miezi miwili, yaani milioni 4.5 kwa mwezi, na hesabu ileile inakupa ovaroli 223. Faida inapanda hadi milioni 1 na kidogo kwa mwezi, karibu mara tatu, bila kuongeza mtaji wala bei. Ndiyo maana nawashauri msibishanie bei peke yake. Kupunguza 500 kwenye kila ovaroli ili ulipwe mwezi mmoja mapema kungenifaa sana. Mimi nilishikilia 25,000 yangu na siku sikuziuliza kabisa.

Malipo ya awali yana nguvu zaidi. Ningepewa nusu ya kila oda kabla ya kukata kitambaa, zile oda tatu za 400, 500 na 600 zingewezekana zote kwa mtaji uleule. Pale pembamba kabisa, mwezi Machi, ningebaki na 150,000 mkononi. Ni kamba nyembamba, fundi mmoja akiugua au kitambaa kikipanda bei inakatika, lakini inavuka.

Halafu kuna siku ambazo haziandikwi kwenye mkataba. Zile siku 60 hazikuanza kuhesabiwa nilipoteremsha mzigo. Zilianza mhasibu alipopokea ankara iliyokamilika. Yangu ya kwanza haikuwa na namba ya oda yao, ikawekwa kando bila mimi kuambiwa, na malipo ya Januari yakaingia katikati ya Aprili. Siku hizi naandika namba ya oda juu ya ankara, naambatanisha hati ya makabidhiano yenye saini na muhuri wa stoo, na naipeleka mwenyewe siku ileile. Baada ya siku tatu napiga simu kuuliza swali moja tu: imeingizwa kwenye mfumo?

Ukifikia kusajiliwa VAT, jihadhari zaidi. Kodi ile ya asilimia 18 inadaiwa kwa mauzo uliyokwisha kutolea risiti, na ritani hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Utatoa kwanza VAT uliyolipa kwenye manunuzi, lakini kinachobaki utakilipa hata kama mteja hajakulipa wewe. Marejesho ya mkopo nayo yana mtego wake: riba inaonekana kwenye hesabu ya faida, ila ile sehemu inayopunguza deni haionekani, na hela inatoka vilevile.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nafungua daftari la pili. Lina mistari ya wiki 12 zijazo na safu nne: hela iliyopo, itakayoingia, itakayotoka, itakayobaki. Kwenye safu ya kuingia naandika tarehe ambayo mteja hulipa kwa kawaida yake. Aliyeahidi siku 60 na mara mbili akalipa siku 75, kwangu ni wa siku 75. Wiki ambayo safu ya mwisho inashuka chini ya ujira wa mafundi wa wiki mbili naizungushia wino mwekundu. Kama iko wiki ya nane, nina muda wa kuomba malipo ya awali, kupunguza oda au kuongea na muuza kitambaa kabla sijachelewa kumlipa. Februari ile niliiona siku yenyewe, saa kumi jioni, mafundi wakiwa tayari nje.