Bomba la hewa haliwezi kuvuta harufu iliyo ng'ambo ya maji

*Shikamoo mhandisi. Kikundi chetu cha akina mama kinaendesha choo cha kulipia mwaloni, huku Ilemela. Kina matundu manane ya kumwaga maji kwa kopo, yanaingia kwenye septiki moja. Kwa siku tunapata watu kama 250. Harufu inatufukuzia wateja. Fundi anataka tuongeze mabomba manne ya hewa yenye kofia zinazozunguka, na kuna kijana anatuuzia unga wa kuua harufu. Wanawake walilalamika kuwa wanaonekana, tukaziba tofali za maua kwa mabati. Usiku ni giza, wengi wanaogopa kuja. Hela zetu ni kidogo. Tuanze na lipi?*

Marahaba, mwenyekiti. Unga msinunue, mabomba manne msijenge. Anzeni kwa kung'oa hayo mabati.

Kila mwezi naletewa habari ya fundi anayetibu harufu kwa bomba, nami sasa nimechoka kuongea kwa upole. Chungulia kwenye sinki la choo chako. Pale chini, kwenye shingo iliyopinda, yanakaa maji, kina chake sentimita mbili au tatu hivi. Maji hayo ndiyo mlango uliofungwa kati ya chumba na septiki. Bomba la hewa liko ng'ambo ya mlango huo. Hata ulivike kofia kumi zinazozunguka, litavuta hewa ya septiki tu. Hewa ya chumbani haipenyi kwenye maji ikalifikia bomba.

Fundi hakuliota bomba hilo usingizini. Amelitoa kwenye choo cha shimo kilichoboreshwa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Kule tundu liko wazi, halina maji. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa kutoka shimoni, na hewa ya chumbani inashuka tunduni kuziba pengo. Ndiyo maana bomba lake hunyooka bila kona, hupita paa kwa nusu mita, na hufungwa wavu mdomoni ili nzi wanaoufuata mwanga wanase. Ni kazi nzuri sana, ila ni ya choo kingine. Kulihamishia kwenye choo cha maji ni sawa na kufunga bomba la moshi kwenye nyumba isiyo na jiko.

Septiki yenu inahitaji bomba moja tu, lililopanda kutoka mwisho wa juu wa mstari wa majitaka hadi juu ya paa. Huenda mnalo tayari. Kazi yake ni kutoa gesi za septiki na kuingiza hewa kwenye mstari. Hewa hiyo isipoingia, mtu akimwaga ndoo tundu la kwanza, maji yanayokimbia bombani yanaweza kunyonya yale ya shingoni kwa jirani, na mlango ukabaki wazi. Pimeni hivi: mmoja amwage ndoo nzima kwa mkupuo, mwingine asimame tundu la pili akiangalia shingo ya sinki. Maji yakicheza kidogo, hakuna neno. Yakiguguma na kushuka, bomba limeziba au halipo, na hapo mna haki ya kumlipa fundi, kwa bomba moja. Kagueni pia kama kuna sinki lililotobolewa shingo na mtu aliyezibua kwa nondo. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko septiki mbovu.

Sasa harufu yenyewe. Kabla hamjatoa hata shilingi, jueni ni ipi. Ile ya septiki inanuka yai bovu. Ile inayochoma pua na kutoa machozi ni mkojo ulioozea sakafuni, na kwenye vyoo vya kulipia ninavyoitwa kukagua, tisa kwa kumi huwa ni hiyo. Asubuhi kabla ya kufungua, osheni tundu moja kwa sabuni na brashi ngumu, sakafu na ukuta hadi usawa wa goti, halafu acheni pakauke mlango ukiwa wazi. Matundu mengine yaacheni yalivyo. Rudini saa mbili baadaye mlinganishe. Kama lile lililooshwa limetulia, septiki haina kesi. Kama harufu ya kuchoma imerudi palipokauka, niru imeliwa na simenti inakunywa mkojo. Hapo dawa ni kupiga niru upya, sakafu ikiteremka sentimita mbili kwa kila mita kuelekea sinki, na kona ya sakafu na ukuta ikiviringishwa ili brashi ifike. Vigae sivipendi sana. Mkojo huingia kwenye maungio yake na hautoki.

Unga wa yule kijana unamwagwa kwenye septiki. Harufu iko sakafuni. Sina la kuongeza.

Turudi kwenye mabati. Chumba cha tundu moja chenye upana wa sentimita 90, ukijenga juu ya ukuta safu ya tofali za maua yenye kimo cha sentimita 20, na nusu yake ikiwa uwazi, unapata sentimita za mraba 900 za kupitisha hewa. Bomba la inchi 4 lina kama 80. Mlifunga njia pana mara kumi na moja, sasa mnauziwa nyembamba. Hewa ya chumba chenye paa la bati hupata joto, hupanda, hutafuta pa kutokea. Ikikosa, hukaa kichwani mwa mteja. Acheni na uwazi wa sentimita 8 chini ya mlango, hewa baridi iingie na maji ya kuoshea yatoke. Kuta za kati ya tundu na tundu ziishie mita 2.1, zisifike paani.

Hapo ufukweni mna feni ya bure. Mchana ardhi hupata moto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu; usiku hugeuka. Kwa hiyo uwazi uwe pande zote mbili, wa ziwani na wa nchi kavu, upepo uingie huku utokee kule. Washeni udi ndani, mlango umefungwa. Moshi ukielea palepale, bado. Ukilala upande mmoja na kutoka, mmemaliza.

Lakini akina mama hawakulalamika bure. Vitabu vya ujenzi vinatosheka na uwazi ulio juu ya kichwa cha mtu aliyesimama nje, na kwenye uwanja tambarare inatosha. Mwanza si tambarare. Nyuma ya choo kuna mawe, juu ya mawe kuna nyumba au vijana wanaopunga upepo, na jicho lao liko mita tatu au nne juu ya tofali zako. Mmoja wenu asimame ndani ya kila tundu, mwingine apande kila jiwe na kila ngazi inayotazama huko. Panapoonekana, msizibe. Pigilieni mbao za kulala zilizoinama kuelekea nje, kila moja ikifunika kidogo iliyo chini yake. Zinazuia mvua, na jicho linalotazama kutoka juu hufuata njia ileile ya mvua. Hewa inapita. Mlango wa upande wa wanawake nao usiangaliane na wa wanaume. Ukuta mmoja wa kukinga mbele ya lango, mita 1.8, unatosha, mradi hauishii kwenye kona yenye giza ambayo mtu anaweza kujificha.

Taa hukosewa kwa namna inayoniudhi. Wanaweka moja kali katikati ya kila tundu, na usiku kivuli cha mama kinaonekana kwenye tofali za maua kama sinema. Wekeni taa juu, upande wa ukuta wenye tofali, ili kivuli chake kiangukie mlangoni. Kwa kuwa kuta za kati hazifiki paani, taa moja inahudumia matundu mawili, kwa hiyo nne zinatosha. Mbili nyingine ziwekeni nje: langoni, na kwenye njia ya kutoka mwaloni, kwa sababu hofu ya wateja wenu inaanza kwenye njia. Chagueni mwanga wa njano. Ule mweupe unaita wadudu wa ziwani, na asubuhi mtazoa ndoo nzima. Komeo la ndani lijaribiwe na mtoto na bibi.

Maji nitapita haraka. Watu 250, kila mmoja lita 3 za kumwaga, 1 ya kutawadha, 1 ya mikono, ni lita 1,250. Kuosha matundu manane mara nne kwa siku, lita 10 kila mara, ni 320. Jumla inakaribia 1,600. Simtanki la lita 2,000 halifiki siku mbili, na maji ya bomba yakikatika, siku ya tatu mnafungua choo kisicho na maji, yaani kile ambacho hata mimi nisingekiingia. La lita 5,000 linawapa siku tatu. Lipandisheni mita mbili juu ya koki, na kila upande pawe na koki ya kuunganishia mpira, pamoja na kijichumba cha brashi chenye ufunguo. Msafishaji anayebeba ndoo kutoka mbali ataosha mara moja kwa siku, nami simlaumu. Mfuniko wa septiki uwe nje, gari la majitaka lifike bila kupita juu ya meza za dagaa.

Kwa hiyo mpangilio wa hela zenu ni huu: mabati yaondoke wiki hii, brashi na sabuni leo, kisha mbao za kulala, taa, niru, na tanki mwishoni.

Nawaambia na wengine wote wenye vyoo vya kulipia, kuanzia hapo mpaka Ukerewe: kuna dawa nyingine inayouzwa kwenye chupa zisizo na lebo, inatoa povu sakafuni na kila mtu anashangilia. Hiyo ni asidi. Povu hilo ni simenti yenu inayoliwa. Baada ya miezi michache niru imekuwa sifongo, mkojo unazama ndani, harufu inarudi kali zaidi, na muuzaji anarudi na chupa kubwa. Msafishaji akichanganya asidi hiyo na jiki, inatoka gesi ya klorini, ndani ya chumba ambacho mmekiziba kwa mabati. Akianza kukohoa na macho kuwasha, mtoeni nje kwanza, milango yote ifunguliwe, na asirudi kuchukua ndoo. Na fundi anayejitolea kushuka ndani ya septiki na kamba kiunoni ili atazame "tatizo liko wapi", mkatalieni hata akiwa ni ndugu. Gesi ya mle inaua pua kabla ya kuua mtu, kwa hiyo atawaambia hasikii harufu yoyote.