Ombi la fildi: taja kazi unayoitaka

"Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa pili. Niliiandikia kampuni ya pampu za sola: 'Naomba nafasi ya fildi katika kampuni yenu tukufu. Mimi ni mchapakazi, niko tayari kufanya kazi yoyote.' Kimya. Nirekebishe nini?"

Mdogo wangu, hiyo "kazi yoyote" ndiyo inayokuangusha. Anayeisoma inabidi akutafutie kazi, msimamizi na tarehe, naye ana shughuli zake. Tena barua hiyo ungeweza kuipeleka benki bila kubadili neno. Jaribu hivi:

"Ombi la fildi, wiki 8 kuanzia Julai: matengenezo ya pampu za sola

Nimeona kwenye tovuti yenu kwamba mnafunga pampu za visima vijijini. Ya kijijini kwetu husimama wingu likitanda, nami nataka kuelewa idadi ya paneli inavyokadiriwa kulingana na kina cha kisima. Naomba kuambatana na mafundi wenu wa matengenezo. Multimita naimudu, mfumo mzima sijawahi kufunga. Wiki 8 zikiwa nyingi, hata 2 zitanifaa. Barua ya chuo nimeambatisha."

Habari ya pampu ya kijijini weka yako ya kweli, maana ukiitwa ndiyo utakayoulizwa kwanza. Usiongeze "tukufu" wala cheti cha kompyuta. Mtumie mkuu wa mafundi ukimpata, kwa sababu anwani ya jumla mara nyingi haina mwenyewe. Wiki ikipita bila jibu, piga simu uulize kama imefika.