Mwenye Silver-Russell asilale na njaa

Mwanangu ana Silver-Russell, hali ya kuzaliwa nayo inayodumaza ukuaji. Alizaliwa wiki ya 38 akiwa na kilo 1.7, ila kichwa kilikuwa na sentimita 33 kama cha mtoto mwingine yeyote aliyetimiza miezi. Paji lake limetokeza, kidevu kimechongoka, uso pembetatu. Kliniki waliniambia simnyonyeshi vya kutosha, nami nikaamini. Aliposimama ndipo nikaona suruali ile ile inaburuza mguu wa kushoto, wa kulia imeishia juu ya kifundo.

Daktari wa homoni za watoto alitueleza hivi: kwenye kromosomu ya 11 inayotoka kwa baba kuna alama ya kikemikali inayoiruhusu jeni ya ukuaji, IGF2, ifanye kazi. Kwa mwanangu alama hiyo imepotea katika baadhi ya seli, si zote, ndiyo maana upande mmoja umezidi mwingine. Hilo hutokea mapema sana tumboni, na halitokani na chakula cha mama. Kwa kuwa si seli zote, kipimo cha damu kinaweza kutoona kitu, kwa hiyo jibu safi halifuti dalili.

Ufupi ndio uliotuleta hospitali, lakini kilichokaribia kumwondoa ni usiku. Alikuwa na miaka miwili. Saa kumi alfajiri nilimkuta amelowa jasho shingoni, namwita haamki. Nilidhani malaria. Kipimo cha sukari kikasoma 2.1, imeshuka mno. Ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na ini na misuli midogo inayotunza akiba, hivyo akikaa na njaa akiba huisha upesi.

Tangu hapo hunywa maziwa yaliyopoa yenye konfulawa mbichi kabla ya kulala. Iwe mbichi, maana ikipikwa humeng'enywa haraka na sukari haifiki asubuhi. Kiasi hupangwa na daktari kwa uzito, usikadirie. Asubuhi nachovya kijiti cha ketoni kwenye mkojo wa kwanza, na kikigeuka zambarau najua usiku ulikuwa mrefu mno kwake. Akitapika na chakula hakikai, sisubiri kupambazuke, tunakwenda kuwekewa dripu ya glukosi. Na akiandaliwa upasuaji wowote, hata mdogo, mwambie mtu wa ganzi mapema kwamba asifungishwe bila dripu hiyo.

Jambo moja lilinigombanisha na mama mkwe. "Mwanangu, mtie siagi kwenye uji, huyu ni mifupa mitupu." Namheshimu, lakini nilikataa. Watoto hawa wakinenepeshwa haraka, mifupa hukomaa mapema na urefu hukatika, na kisukari huwanyemelea ukubwani. Nilimwonyesha chati ya daktari: uzito unapanda taratibu pamoja na kimo, mbavu bado zinahesabika, na daktari ameridhika. Siku hizi yeye ndiye anayekumbusha maziwa ya saa tatu usiku.