Ombi la Muda wa Saa Tatu: Nilivyompata wa Kunilea Kikazi

Mara ya kwanza nilimfuata mhasibu mwandamizi wa ofisini kwetu nikamwambia, "Dada, naomba unilee kikazi." Akatabasamu: "Haya, tutaona." Miezi miwili ikapita bila kukaa pamoja hata mara moja. Nilidhani hanitaki. Kumbe nilikuwa nimemtwisha mzigo usio na kipimo: hakujua nataka kujifunza nini, wala jambo lenyewe litaisha lini.

Kabla ya kurudi kwake nilijiuliza ni kazi gani moja inanishinda, na yeye anaimudu. Ilikuwa maelezo ya tofauti kati ya bajeti na matumizi kwenye ripoti ya mwezi. Mimi niliandika "gharama za usafiri zimezidi kwa asilimia 30" nikaishia hapo, na kila mara meneja alinirudishia akiuliza kwa nini. Ripoti za dada yule hazikuwa zikirudishwa.

Nikamwandikia hivi:

"Shikamoo dada. Ripoti zako zinaeleza sababu ya kila tofauti, nami bado sijaweza. Naomba unifundishe hilo tu: dakika 30, mara mbili kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Nitakuletea rasimu yangu siku mbili kabla ya kila kikao. Kama nafasi ni finyu, hata kikao kimoja kitanifaa."

Alijibu siku hiyohiyo. Ukipiga hesabu, nilimwomba saa tatu tu kwa jumla, na saa tatu mtu anaweza kuzipima. Sentensi ya mwisho usiiache, maana inampa nafasi ya kukubali kidogo bila kuona haya ya kukataa. Akikupa kikao kimoja, kishike. Akisema "nikumbushe baadaye" mara mbili, mshukuru, usimfuate tena kwa hilo.

Kikao cha kwanza aliweka kidole kwenye ile asilimia 30 akaniuliza, "Kilichozidi ni bei au idadi?" Sikuwa na jibu. Tukafungua hati za malipo: zilipangwa safari 20, zikafanyika 26, na nauli ilikuwa ileile. Basi sababu ni safari sita za ziada, na swali linalofuata ni nani aliziidhinisha. Bila rasimu mkononi, nusu saa ile ingeishia kwenye mazungumzo ya jumla. Kuna mara moja nilichelewesha rasimu, naye akalazimika kuisoma mbele yangu. Dakika 20 zikayeyuka.

Ningekushauri pia usimwombe bosi anayekupima utendaji. Utamficha makosa yako, na hayo ndiyo uliyotaka akuonyeshe.

Miezi mitatu ilipotimia nilimwambia mwenyewe kwamba muda tulioahidiana umekwisha, nikamwonyesha ripoti mbili za mwisho ambazo hazikurudishwa. Akazisoma zote mbili, kisha akaniuliza, "Na makadirio ya robo mwaka ijayo, unayaandaaje?"